Damu ya nifasi inaporudi nyuma



Sisi tumefundishwa tangu wasichana kuitazama damu. Somo wako alikuweka chini akakueleza nyekundu ni ipi, ya hudhurungi ni ipi, manjano ni ipi, na weupe ukiuona ndiyo umetoharika, koga usali. Tukizaa tunaendelea kutazama hivyo hivyo, maana nifasi nayo ina hukumu zake. Kwetu tunaofuata madhehebu ya Shafii, aghlabu yake ni siku 40 na mwisho wake siku 60. Leo nataka tuitazame damu hiyo hiyo kwa jicho la pili. Si la kujua lini utasali, ila la kujua kama tumboni mwako kuna salama. Mimi si daktari. Mimi ni fundi cherehani, nina duka la nguo za arusi na vikapu vya wazazi, na mambo haya nimeyajua kwa kumuuguza mdogo wangu na kwa kuwauliza wakunga mpaka wakanichoka.

Tuanze na damu yenyewe inavyokwenda ikiwa kila kitu kizuri. Siku tatu nne za mwanzo huwa nyekundu na nyingi, kama hedhi nzito. Baadaye inapungua na kupauka, inakuwa ya waridi au hudhurungi, mpaka karibu siku ya 10. Halafu inageuka manjano nyeupe, kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa. Harufu yake ni ile ile ya hedhi unayoijua. Ukisimama ghafla asubuhi au ukinyonyesha inaweza kutoka kwa wingi kidogo kisha ikatulia, na hilo lisikutishe. Kinachotakiwa ni kuwa mwendo wake unakwenda mbele: kutoka nyingi kuja chache, kutoka nyekundu kuja nyeupe.

Ikirudi nyuma, yaani ilishakuwa ya hudhurungi kisha siku ya 6 au ya 10 ikawa nyekundu mbichi tena na nyingi, hapo kuna jambo.

Sababu yake nilielezwa na mkunga mmoja kwa mkono wake. Alikunjua kiganja, akasema kondo la nyuma limekaa kama sahani, limejibandika kwenye ukuta wa kizazi. Likibanduka linaacha kidonda kikubwa ndani, na mishipa ya damu iliyokuwa ikimlisha mtoto inabaki wazi. Mungu amekiumba kizazi kuwa ni msuli, kwa hiyo kinajikaza, akakunja ngumi, na kule kujikaza ndiko kunakoibana ile mishipa. Sasa ikiwa kipande cha kondo au cha utando wake kimebaki ndani, ngumi haifungiki. Damu itaendelea kutoka. Na kile kipande ni nyama isiyo na uhai iliyokaa mahali penye joto na damu, vijidudu vikikifikia kinaoza. Ndiyo maana mara nyingi mambo haya yanakuja pamoja: damu nyingi, harufu mbaya na homa. Lakini hayangojani. Unaweza kuwa na homa tu bila ya damu kuzidi, kwa sababu vijidudu vinaweza kuingia kwenye kidonda hata kondo likiwa limetoka zima, khasa ukiwa umekaa na uchungu muda mrefu, chupa imepasuka zamani, au umepimwa njia mara nyingi.

Mdogo wangu alijifungua mtoto wake wa pili hospitali, usiku wa Jumatatu, bila ya tatizo. Kesho yake jioni tulikuwa naye nyumbani. Siku tatu za mwanzo alikuwa vizuri, anakula supu yake, anakandwa, wageni wanaingia na kutoka. Siku ya 4 maziwa yakashuka, matiti yakajaa, na mwili ukawa moto kidogo. Kila aliyeingia alisema homa ya maziwa hiyo, mnyonyeshe mtoto itatoka. Siku ya 5 jioni alipatwa na baridi, akajifunika mablanketi mawili, meno yanagongana, na nje watu wanajipepea kwa joto. Akapewa panadoli mbili. Baada ya saa moja akatoka jasho, akasema nimepona, akalala. Nyumba nzima ikashukuru.

Aliyetutoa usingizini ni bibi yule anayemkanda. Watu wengine wakisikia habari za wakandaji wanadhani ni lazima waje kulaumiwa, lakini huyu bibi ndiye aliyekuwa na akili kuliko sote mle ndani. Asubuhi ya siku ya 6 alikuja na maji yake ya moto, akamlaza, akaweka mkono tumboni ili aanze, na mdogo wangu akaruka kwa maumivu. Bibi akatulia. Akatafuta tena kwa ncha za vidole, pole pole, kisha akafunika tumbo kwa kanga.

"Mwanangu," akaniambia, "tumbo la mzazi linashuka kila siku kiasi cha kidole. Leo siku ya sita, hili bado liko kitovuni, na laini. Mimi simkandi. Hebu nionyeshe alichovaa."

Nilimwonyesha kitambaa. Jana yake damu ilikuwa ya hudhurungi. Ile ilikuwa nyekundu na donge moja kubwa kupita yai la kuku, na harufu yake ilikuwa ya samaki aliyelala. Mule chumbani hatukuisikia hata siku moja, kwa sababu chetezo hakikuzimwa tangu aliporudi.

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo penye faida kwenu. Zile ada zetu nzuri za kumlea mzazi, mimi nazipenda na ninaziuza dukani, ndizo hizo hizo zinazoweza kuficha dalili. Udi na ubani vinafunika harufu. Kukandwa kwa maji ya moto, chumba kilichofungwa na uji wa pilipili manga vinamfanya kila mzazi awe moto na atoke jasho, kwa hiyo homa haijulikani. Mkaja unalifunga tumbo, mtu haoni kama limeshuka au limebaki juu. Na panadoli inashusha joto kwa saa nne tano bila ya kugusa kinachooza ndani. Mdogo wangu alikuwa na vitu vyote vinne kwa wakati mmoja.

Sikwambii uviache. Nakwambia panga mambo kwa utaratibu wake. Asubuhi, kabla ya kukandwa, kabla ya chetezo na kabla ya panadoli, pima joto. Angalia kitambaa au pedi usiku ilivyokuwa, na uinuse kabla hujaifunga kuitupa. Najua wengine wanakunja uso, lakini nani atainusa kama si wewe au mama yako? Kisha ndiyo mfukize, mkande, mfunge mkaja usiobana pumzi. Udi uwe wa nguo na chumba. Usikalie moshi, na usitie ndani dawa yoyote ya majani, shabu wala maji ya chumvi kwa ajili ya kukaza njia. Kule ndani pana kidonda kibichi. Nje, maji safi na sabuni yanatosha. Anayetumia vipande vya kanga avifue kwa sabuni, avianike juani vikauke sawasawa, si kuvificha nyuma ya mlango kwa haya vikabaki na unyevu.

Kipimajoto cha kielektroni kinauzwa maduka ya dawa, na nilivyovinunua mimi bei yake haikufika ya doti moja nzuri ya kanga. Toka mwaka ule nakitia katika kila kikapu cha mzazi ninachouza. Mabiharusi wakiniuliza hiki cha nini, nawaambia kiwekeni kabatini, siku yake itafika inshaallah. Kikifika 38 na kwenda juu, hiyo ni homa. Kwapani kinasoma chini kidogo kuliko mdomoni, kwa hiyo ukiona 37 na nusu huku mtu anatetemeka na tumbo linamuuma, usijiambie haijafika.

Asubuhi ile tulimpima mdogo wangu ikawa 38.9. Jirani yetu, aliyekuwa akisomea uuguzi, akamshika kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo kwa dakika nzima kwa saa ya simu: 122. Mtu mzima aliyepumzika kwa kawaida hazidi 100. Hilo nimelishika sana, maana mapigo hayajifichi kwa panadoli kama joto linavyojificha. Mzazi aliyelala, hajapanda ngazi wala hajalia, moyo ukamwenda mbio na anahema haraka haraka, mwili wake unapigana na kitu.

Tukaanza mabishano ya kifamilia, ambayo bila shaka mnayajua. Mamkubwa akasema mzazi hatoki nje kabla ya arubaini, atapigwa na upepo. Mwengine akasema tumngoje mumewe, yuko Pemba, anarudi na boti ya kesho. Na wa tatu, kwa sauti ya chini, akasema huko hospitali akikutana na daktari mwanamme je? Wote watatu walikuwa wanampenda, sina shaka na hilo.

Bibi ndiye aliyewajibu. Mumewe mpigieni simu sasa hivi, akasema, na mumwambie tumeshatoka, si kumwambia tunaomba tutoke. Kuhusu upepo akasema mvikeni soksi na mumfunge kichwa. Na kuhusu daktari, akasema ombeni mwanamke, akiwapo alhamdulillahi, asipokuwapo basi aingie mtu wake wa kike asimame naye, kwani dharura ina hukumu yake na roho haingojei zamu. Mumewe alipopigiwa alijibu neno moja tu: "Mpelekeni." Na pesa akatuma kwa simu kabla hatujapanda gari.

Kwa nini tusingoje boti ya kesho? Kwa sababu vijidudu vilivyo ndani ya kizazi vikiingia katika damu, hali inabadilika kwa saa, si kwa siku. Presha inashuka, mikono na miguu inakuwa baridi, mkojo unapungua, mtu anaanza kusema maneno yasiyoeleweka au analala tu hataki kuamshwa. Akifika huko wala usitafute kipimajoto, maana wengine joto lao hushuka chini badala ya kupanda, na watu wakafurahi kuwa homa imetoka. Damu nayo haina subira. Pedi kubwa ikilowa yote ndani ya saa moja, au madonge makubwa kama yai yakitoka moja baada ya jengine, au akisimama akaona kiza, hapo hakuna la kungojea hata chai.

Tulipofika mapokezi niliwaambia kwa maneno mafupi: huyu ni mzazi wa siku sita, ana homa 38.9, damu imerudi nyekundu na inanuka. Hawakutuweka foleni. Baadaye muuguzi mmoja aliniambia neno lililosaidia ni lile la siku sita. Mtu akifika akasema "naumwa na homa" bila kusema kuwa amezaa, anaweza kupelekwa kupimwa malaria akakaa kwenye benchi pamoja na wenye mafua. Kwa hiyo taja uzazi kwanza, na siku ngapi. Chukua kadi yako ya kliniki, na ile pedi ya mwisho itie kwenye mfuko wa plastiki uende nayo waione.

Walimpima presha, ilikuwa imeshuka, 95 kwa 60. Wakamtia maji ya mshipa, wakachukua damu ya vipimo, na antibayotiki za mshipa wakaanza papo hapo kabla ya majibu kurudi. Zilikuwa mbili kwa pamoja, klindamaisini na jentamaisini. Niliuliza kwa nini mbili, nikaambiwa kidonda cha kizazi hakina mdudu wa aina moja, na dawa moja haiwafikii wote. Hapo nikakumbuka vile vidonge vya rangi mbili ambavyo shangazi alitaka kununua dukani, vinne tu, "kumtuliza". Vinne vingetuliza nini?

Kipimo cha utrasaundi kilionyesha kipande kimebaki juu ndani ya kizazi. Dawa zilipoanza kufanya kazi, jioni ile ile wakamsafisha kwa kifaa cha kuvuta, akiwa amepewa dawa ya maumivu, na daktari aliyemsafisha alikuwa mwanamke. Kipande chenyewe kilikuwa hakizidi kidole gumba. Damu yake ilikuwa imefika 7.2, naye wakati wa ujauzito alikuwa na 10, kwa hiyo akaongezwa chupa moja, na kaka yetu akaenda kutoa ya kurudishia. Mwenye damu kidogo tangu mimba hana akiba. Damu ambayo mwengine angeipoteza akabaki na kizunguzungu tu, yeye inamlaza.

Mtoto aliletwa akanyonya, dawa zile hazikumzuia. Homa ilikatika siku ya pili, na dawa za mshipa hazikuachwa mpaka ilipopita siku nzima bila ya homa kurudi. Siku ya nne tukarudi naye nyumbani.

Sasa lile swali la homa ya maziwa, kwani nikisimulia haya dukani ndilo la kwanza kuulizwa. Maziwa yakijaa, siku ya 3 mpaka ya 5, mwili unaweza kuwa moto kidogo. Lakini joto lenyewe ni dogo, matiti yote mawili yamejaa na magumu, na mtoto akinyonya mtu anapata nafuu. Halipiti siku moja. Titi moja likiwa na sehemu nyekundu, ya moto, inayouma na homa juu, huo ni uvimbe wa titi na wenyewe unataka dawa, huku ukiendelea kunyonyesha. Ikiwa matiti ni laini, au mtoto ameshanyonya na homa iko pale pale, au imekuja na kutetemeka, maumivu chini ya kitovu na harufu, basi isingizie kitu chengine, maziwa hayana kosa. Mdogo wangu matiti yake yalijaa kweli siku ya 4. Ndiyo maana lile jina lilimkaa vizuri kwa siku mbili.

Waliojifungua kwa upasuaji nao wasidhani haya hayawahusu kwa kuwa damu yao huwa chache. Wao wana vidonda viwili, cha ndani na cha nje, na upasuaji wenyewe unazidisha hatari ya kizazi kuingia vijidudu. Kovu likivimba, likitoka maji au usaha, au likanuka, pamoja na homa, mwendo ni ule ule. Na wasikandwe tumbo kwa maji ya moto mpaka waliomfanyia upasuaji waseme ndiyo.

Kuna pia ile kliniki ya mama baada ya kuzaa, ambayo wengi wetu tunaidharau kwa sababu ya arubaini. Shirika la Afya Duniani linataka mzazi aangaliwe ndani ya saa 24 za mwanzo, halafu kati ya siku ya 2 na ya 3, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya 6. Wengi tunaenda ile ya wiki ya 6 tu, au tunampeleka mtoto akachanjwe na sisi tukakaa kwenye gari. Ukienda, mwambie mkunga akushike tumbo na umwoneshe damu yako. Kama huwezi kutoka, uliza kama yuko mkunga wa karibu anayeweza kuja nyumbani.

Biharusi mmoja alinitumia sauti juzi akaniuliza: mtu akishasafishwa kizazi hospitali, ile damu inayoendelea ni nifasi au ni kitu chengine, asali au asisali? Hilo muulize ustadhi wako na umtajie siku kamili. Umwambie lini ulizaa, lini damu ilikatika na lini ilirudi, kwani jibu linategemea hizo siku. Mdogo wangu alikuwa na kalenda ukutani, kila asubuhi anaandika rangi kwa kalamu. Alikusudia iwe ya tohara. Daktari alipouliza damu ilibadilika lini, mumewe aliipiga picha ile kalenda akaituma, na jibu lilikuwa pale, Jumapili alfajiri.